KPI au OKR kwa kitengo cha watu wachache: mfano wa dawati la mikopo

Ukiongoza kitengo cha watu watano, huna muda wa kuendesha mifumo miwili ya kupima kazi kwa uzito sawa. Msimamo wangu, baada ya kuongoza dawati la mikopo kwenye SACCOS ya waajiriwa, ni kwamba KPI ziwe chache na zikae mwaka mzima, na OKR iitwe pale tu ambapo kuna jambo moja mnataka libadilike. Likishabadilika, OKR iondoke.

KPI ni kiashiria cha utendaji kinachokuambia kazi inakwendaje: makusanyo ya mwezi, mikopo iliyochelewa, maombi yaliyoshughulikiwa. OKR ina sehemu mbili, yaani lengo lililoandikwa kwa maneno ya kawaida, na matokeo mawili au matatu yenye namba yanayoonyesha kama lengo limefikiwa, mara nyingi ndani ya robo mwaka. Andy Grove, mmoja wa viongozi wa kampuni ya chipu za kompyuta ya Intel, aliijenga huko miaka ya 1970, na mwekezaji John Doerr akaipeleka Google mwaka 1999. Naitaja historia hiyo kwa sababu moja. Zile zilikuwa kampuni zinazokimbilia ukuaji, ndiyo maana Google wakaona kupata 0.6 au 0.7 kati ya 1 ni matokeo mazuri. Mhasibu wa SACCOS akikuambia amesawazisha asilimia 70 ya makato ya mwezi, hutampongeza.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua, chukua kila namba mnayoifuatilia na uiulize swali moja: robo ijayo ikibaki hivi ilivyo, tutaridhika? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni KPI. Iwekee mpaka wa chini au wa juu, iangalie kila mwezi, basi. Kama jibu ni hapana, na dawa yake mnaijua, ifanyeni tu. Printa iliyoharibika haihitaji lengo la robo mwaka. OKR inafaa kwa kundi la tatu, yaani namba isiyoridhisha ambayo hamjui vizuri imekwama wapi, na ambayo haitasogea bila watu kubadili namna wanavyofanya kazi.

Kwetu, namba iliyokuwa inapigiwa kelele kwenye kila kikao cha bodi ni mikopo chechefu, yaani iliyochelewa kurejeshwa, na watu wengi wangekimbilia kuifanya OKR. Mimi niliiacha kwenye KPI, na sababu utaiona kwenye hesabu. Tuseme mna mikopo ya shilingi milioni 800 mikononi mwa wanachama, na milioni 64 kati yake ina marejesho yaliyochelewa zaidi ya siku 30. Hiyo ni asilimia 8. Sasa robo hii toeni mikopo mipya ya milioni 200. Jumla inakuwa milioni 1,000, na zile milioni 64 zikibaki vilevile, kiwango kinashuka hadi asilimia 6.4. Hakuna aliyekusanya hata shilingi moja ya deni la zamani, lakini kwenye taarifa mmefanya vizuri. Njia nyingine ya mkato ni kuupanga upya mkopo uliochelewa, siku zikaanza kuhesabiwa kutoka sifuri. Namba inayoweza kushuka namna hiyo ukiifanya lengo la robo mwaka, utavuna mikopo mipya iliyotolewa haraka bila uchunguzi, na uozo wake utauona mwakani.

Ndiyo maana kiashiria hicho nilikuwa nakisoma pamoja na viwili vingine: kiasi halisi cha deni lililochelewa kwa shilingi, na idadi ya mikopo iliyopangwa upya mwezi huo. Asilimia ikishuka huku shilingi zimesimama palepale, unajua kilichotokea bila kumuuliza mtu.

Jambo tulilolifanya OKR lilikuwa lingine kabisa: muda wa kutoa mkopo wa dharura. Wanachama wetu wengi walikuwa walimu. Mtu ana mgonjwa au ada ya mtoto, analeta fomu, anasubiri wiki mbili hadi tatu, na katikati hapo anaingia kwenye mikopo ya kausha damu huko mtaani. Mkopo wetu ukitoka, tayari sehemu yake inakwenda kulipa riba ya mtu mwingine.

Lengo tuliliandika hivi: mwanachama anayekidhi vigezo apate mkopo wa dharura kabla hajafika kwa wakopeshaji wa mtaani. Kisha nikawaomba wenzangu waandike matokeo. Orodha ya kwanza ilikuwa na mafunzo kwa wanachama, skana mpya na fomu iliyoboreshwa. Hizo zote ni shughuli. Kipimo cha kuzitambua ni rahisi: je, tunaweza kuzikamilisha zote, na mwalimu bado akasubiri wiki tatu? Ndiyo, tena bila shida. Basi hazifai kukaa kwenye nafasi ya matokeo. Zikae kwenye mpango wa kazi.

Tukabaki na matokeo matatu. La kwanza, maombi 8 kati ya 10 yakamilike ndani ya siku 5, kutoka siku 18 za wakati ule. La pili, fomu zinazorudishwa kwa kasoro zishuke kutoka 4 katika kila 10 hadi 1. La tatu lilikuwa la ulinzi: mikopo ya dharura itakayokosa rejesho la kwanza isizidi miwili kwa robo nzima. Hilo la tatu msilikose. Ukiwaambia watu waongeze kasi pekee, watapunguza uchunguzi. Kwetu uchunguzi wa kwanza ni hati ya mshahara, kuona kama baada ya makato yote mwanachama anabaki na theluthi moja ya mshahara wake.

Kuhusu namna ya kupima siku, msitumie wastani. Ombi moja ambalo mdhamini wake amesafiri linaweza kukaa siku 60 na kuvuruga picha ya mwezi mzima. Tulikuwa na jedwali la Excel: safu B tarehe fomu ilipopokelewa, safu D tarehe fedha ilipoingia kwenye akaunti ya mwanachama, safu E tofauti ya siku. Tulihesabu na Jumapili, maana mwenye mgonjwa anazihesabu pia.

```
=IF(D2="","",D2-B2)
=PERCENTILE(E2:E60,0.8)
```

Mstari wa kwanza unashushwa kwenye safu E yote. Wa pili unakupa siku ambazo ndani yake maombi 8 kati ya 10 yamekamilika.

Kila Jumatatu tulisimama dakika chache mbele ya jedwali. Kila mwenye tokeo alitaja namba ya wiki, kisha akasema kutoka 1 hadi 10 ana imani kiasi gani kwamba litafikiwa. Hiyo namba ya imani ndiyo ilikuwa na faida kubwa. Siku zilikuwa zimeshuka hadi 11, kila mtu anafurahi, na afisa aliyebeba tokeo hilo akasema imani yake ni 3. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu, "Mkuu, sisi fomu tunaimaliza siku ya tatu. Inayobaki yote inasubiri kamati ikae."

Kamati ya mikopo ilikuwa inakaa kwa tarehe zake tu. Tungeweza kukimbia mpaka tuchoke, siku zisingepungua. Tulipeleka jedwali kwenye bodi, na bodi ikakubali wajumbe wawili wa kamati waidhinishe mikopo ya dharura isiyozidi milioni moja bila kusubiri kikao, kisha taarifa isomwe kwenye kikao kinachofuata. KPI ya "maombi yaliyoshughulikiwa kwa mwezi" isingetufikisha hapo kamwe, kwa sababu kwenye kiashiria hicho tulikuwa na asilimia 100 kila mwezi. Kamati ilikuwa inayamaliza maombi yote yaliyo mezani. Kwa mwenye kiashiria kila kitu kilikuwa sawa.

Robo ilipofungwa tulikuwa kwenye siku 7. Tulikusudia kupunguza siku 13, tukapunguza 11, kwa hiyo alama ni 0.85. Fomu zenye kasoro zilibaki 2 katika kila 10, nayo ni kama 0.67. Mkopo mmoja ndio uliokosa rejesho la kwanza. Kisha tukaifuta OKR hiyo. Siku za kutoa mkopo zikahamia kwenye orodha ya KPI zikiwa na mpaka wa siku 8, na makubaliano kwamba zikivuka mpaka miezi miwili mfululizo tunakaa kuzijadili. Kwa nini miwili? Kwenye kitengo kidogo namba hurukaruka zenyewe. Ukipokea maombi 20 kwa mwezi, fomu moja tu ni asilimia 5. Mwezi mmoja mbaya unaweza usiwe na maana yoyote, na mkuu wa kitengo anayeitisha kikao kila namba inapotikisika atawafundisha watu wake kuipamba.

Sasa suala la maslahi. KPI unaweza kuitumia kwenye tathmini ya mtumishi, kwa sababu ni kazi aliyoajiriwa kuifanya. Matokeo ya OKR usiyafunge na bonasi wala nyongeza ya mshahara. Yule afisa aliyesema imani yake ni 3 asingesema hivyo kama mfuko wake ulikuwa unategemea. Na mapema zaidi, wakati wa kupanga, tungepata lengo la siku 15 badala ya 5, lenye uhakika wa kufikiwa na lisilomsaidia mwanachama hata kidogo. Kama uko kwenye taasisi ya umma, iwe chini ya mikataba ya utendaji ya Kenya au mfumo wa kupima watumishi wa PEPMIS uliokuja baada ya OPRAS Tanzania, viashiria vyako vya tathmini vipo tayari. Vitimize hivyo, na OKR iwe makubaliano ya ndani ya kitengo yasiyoingizwa kwenye fomu ya mtu.

Kuna vitengo ambavyo nisingevipa OKR kabisa. Kaunta ya fedha ambayo kazi yake ni hesabu kufunga sawa jioni inahitaji KPI na nidhamu tu. Vilevile jambo ambalo matokeo yake huchelewa kuonekana, kama ubora wa mikopo ya miaka mitatu: robo mwaka itakwisha kabla namba haijasema chochote. Na usianzishe OKR kwenye robo yenye ufungaji wa hesabu na mkutano mkuu, kwa sababu vikao vya Jumatatu vitakufa wiki ya tatu. Tukikaribia kipindi hicho sisi tulikuwa tunarudi kwenye ukurasa mmoja wenye KPI nne: deni lililochelewa kwa asilimia na kwa shilingi, mikopo iliyopangwa upya, makato yaliyopokelewa ukilinganisha na yaliyotarajiwa, na siku za kutoa mkopo wa dharura. Bodi ilikuwa inausoma kwa dakika tano na kuendelea na ajenda nyingine.