Siku mkaguzi alipoomba vitabu vya wanachama kabla ya daftari langu

Nimeshika hazina ya kikundi chetu cha hisa kwa miaka minne, huku wilayani Newala. Tuko 25, hisa moja 2,000, na mtu haruhusiwi kununua zaidi ya tano kwa wiki. Kikundi kimesajiliwa halmashauri, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka. Mwaka juzi, wiki chache kabla ya kuvunja mzunguko, wanachama wawili walilalamika kuwa hisa zao hazilingani na walichotoa. Mwenyekiti akaita mkaguzi.

Nilipewa taarifa siku tatu kabla. Jirani yangu mfanyabiashara akanishauri niazime laki moja, niitumbukize sandukuni usiku. Nilitamani, nisiseme uongo. Lakini sikuwa najua pengo ni kiasi gani, na fedha ikizidi nayo inaulizwa ilitoka wapi. Nawe usifanye hivyo.

Mkaguzi alikuwa mwalimu mstaafu, mpole. Nilimsogezea daftari langu, akaliweka pembeni. "Kwanza vitabu vya wanachama, mama." Akahesabu mihuri kitabu kwa kitabu, mchana kutwa. Ilikuwa 3,100, yaani hisa za 6,200,000. Akaongeza riba iliyolipwa 410,000 na faini 32,000. Akatoa mikopo iliyokuwa bado nje, 5,150,000, na 28,000 tuliyonunulia madaftari na kufuli. Sanduku lilipaswa kuwa na 1,464,000. Tukahesabu mbele ya watu: 1,278,000. Pungufu 186,000.

Nikaanza kujieleza kwa kumbukumbu, na hapo ndipo nilipojiharibia. Nilitaja kiasi, nikakirekebisha, nikataja kingine. Wanawake wa mstari wa mbele wakatazamana. Mkaguzi akaninyamazisha kwa mkono, akafungua ukurasa wa kila mkutano kutafuta salio la kufungia, ile fedha inayohesabiwa na kutangazwa kwa sauti kabla ya sanduku kufungwa. Mikutano minne, Oktoba na Novemba, haikuwa nalo.

"Siku hizi nne sanduku lilifunguliwa kwa funguo za nani?"

Zote tatu nilikuwa nazo mimi. Ulikuwa msimu wa korosho, wenye funguo wengine wawili walikuwa mashambani wakiokota, wakaniachia ili kazi isilale. Na sanduku lilikuwa linalala kwangu. Waliniamini, nami niliona ni heshima. Kumbe walikuwa wameniondolea mashahidi: hata kama kila shilingi ingekuwa salama, nisingekuwa na mtu wa kusema aliniona.

Akaniomba simu. Miezi ile wasioweza kufika walikuwa wakinitumia hisa kwenye namba yangu, nami nagonga muhuri wakija. Baadhi ya ujumbe nilikuwa nimeufuta, ikabidi nipande bodaboda hadi Newala mjini kuomba taarifa ya miamala. Zilikutwa mara kumi na mbili, jumla 114,000. Muhuri uligongwa, fedha haikufika sandukuni. Nilikuwa nimeitoa kwa wakala, ikachanganyika na yangu, nikalipa vibarua wa kuokota korosho nikijiambia mnada ukilipa nitarudisha. Niliyasema hayo mbele ya watu 25. Jasho lilinitoka kama niliyepandisha ndoo ya maji kutoka bondeni.

60,000 nyingine haikuwa mfukoni mwangu. Mwenzetu alifiwa, mfuko wa jamii ukawa mtupu, tukachota kwenye hisa. Waliokuwepo walikumbuka, ila hakuna aliyeandika kwamba mfuko mmoja unaudai mwingine. Hili vikundi vingi hulifanya kwa huruma, na mwisho wa mwaka linaonekana wizi. Andikeni deni hilo kama mkopo wa mtu yeyote.

Ikabaki 12,000. Tuliitafuta mpaka magharibi, hatukuipata. Nikaikubali.

Wale wawili waliolalamika? Mmoja alikuwa sahihi: alituma 6,000, nikamgongea muhuri mmoja badala ya mitatu, tukaongeza miwili kitabuni. Hapo 186,000 ikawa 190,000, maana deni la kikundi kwake nalo lilikua. Wa pili alikuwa akihesabu mchango wa mfuko wa jamii kama hisa.

130,000 niliilipa malipo ya mnada yalipoingia, 60,000 ikarudi kwa mchango wa jamii wa 500 kila mmoja ndani ya mikutano mitano. Walinipiga faini, wakaniachia hazina kwa kura 14 dhidi ya 10, mimi sikupiga.

Siku hizi anayetuma kwa simu anamtumia mwanachama mwenzake atakayehudhuria, naye analeta fedha taslimu mkutanoni. Mwenye ufunguo akienda shambani anamkabidhi mwanachama mwingine, yeyote asiye mimi. Sanduku linalala kwa mwenyekiti. Mwezi uliopita mmoja alisahau akaondoka na ufunguo hadi Tandahimba, tukakaa chini ya mwembe hadi saa kumi na moja jioni tukimsubiri. Watu walinung'unika, mimi nikaomba tuendelee kusubiri.