Jibu: Laptopu inazima ghafla na chaja mpya

"Wakuu, nimenunua chaja ya bei poa, inaingia vizuri kabisa, lakini nikifungua gemu laptopu inazima ghafla. Betri ilishakufa zamani. Shida nini?"

Salama mkuu. Kabla hujampelekea fundi, geuza chaja usome palipoandikwa OUTPUT, ulinganishe na maandishi ya chini ya laptopu. Mimi laptopu yangu ilidai 19.5V 4.62A, chaja niliyouziwa ilikuwa 19.5V 2.31A. Zidisha volti kwa ampea: mashine inataka wati 90, chaja inatoa 45. Ukiandika barua tu inavumilia. Ukifungua gemu inavuta kuliko uwezo wa chaja, chaja inajikata, na betri ya kuishikilia hapo katikati huna. Itazame taa ya chaja mashine inapozima. Ikizimika nayo, na chaja ni ya moto kiasi cha kuunguza mkono, mchawi ndiye huyo.

Ukinunua nyingine, volti zifanane, ampea zilingane au zizidi. Zikizidi haziunguzi kitu, laptopu huchota inachohitaji tu. Mchoro wa + na − nao ufanane. Kichwa kuingia si hoja, mimi ndicho kilichoniponza. Na kama kina pini nyembamba katikati, mara nyingi hiyo ndiyo inayoiambia laptopu wati za chaja. Isiposomeka, mashine huwa nzito au hugoma kuchaji.

Nenda dukani na laptopu yenyewe, uendeshe hilo gemu dakika 15 ndipo ulipe. Ikizima hata kwa wati sahihi, kagua feni na vumbi.