Nikodi gauni la harusi au ninunue?

"Shikamoo Anti. Nafunga ndoa Desemba hapa Dar. Gauni nililolipenda linakodishwa laki 3, depoziti laki 2. Duka jingine Kariakoo linauza jipya kwa laki 7. Mchumba anasema tukodi, mama anasema bi harusi havai cha kuazima. Mimi ni mfupi, hata futi 5 sifiki. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Mama tumweke pembeni kidogo, tuanze na huo ufupi.

Geuza pindo la gauni ulitazame. Kama ni neti tupu, fundi anapunguza kwa mkasi na kazi imeisha. Kama lina lesi ukingoni, kwa chini halikatwi tu kwa mkasi: mara nyingi fundi atafumua kiunoni, apandishe sketi nzima, ashone upya, na bei yake si ya kukunja suruali. Na gauni la kukodi halikatwi kabisa, maana Jumamosi inayofuata lina mwili mwingine. Watakukunjia kwa ndani na kushikiza kwa mkono, na neti iliyokunjwa inchi 5 hutuna chini. Ulilijaribu ukiwa na viatu vya siku yenyewe? Kama bado, rudi. Mgongoni bora kamba kuliko zipu. Ukinenepa au ukikonda kidogo, kamba inavumilia.

Sasa pesa. Kukodi laki 3, tuseme marekebisho 30,000 na kufua 40,000 (uliza mapema kama kufua kumo ndani ya bei, wengine hulitaja siku ya kurudisha). Jumla 370,000, ila siku ya kuchukua uwe na 570,000 kwa sababu ya depoziti. Kununua ni laki 7, fundi 80,000, dobi 40,000: 820,000. Basi kununua kutakulipa tu ukipata wa kukupa zaidi ya 450,000 baada ya harusi, na gauni lililokatwa kwa kimo chako litamfaa mfupi mwenzio tu. Mimi ningekodi.

Depoziti ndiyo ya kuchunga. Yangu ililiwa kwa doa la mafuta pindoni nililolikuta, na sikuwa na ushahidi. Wewe litandaze kwenye mwanga mbele ya muuzaji, upige picha pindo, kwapa na shanga. Kwenye risiti waandike kwamba laki 2 ni depoziti ya kurudishwa, si advansi, tena waandike siku ya kurudisha na makosa yanayokatwa. Vumbi la pindoni liwe kwenye kufua, wasilikate mara mbili. Usijaribu kulitoa doa kwa jiki, lesi itageuka njano. Na mteue leo hii wa kulirudisha Jumatatu, wewe utakuwa fungate.

Mama mwambie shela ya kichwani tutanunua, iwe yako. Nadhani hapo atanyamaza.