Hapo chini hakuna picha, na fundi asianze kesho

*"Wakuu, naombeni maoni kuhusu nembo ya biashara yangu ya unga wa lishe, picha nimeiweka hapo chini. Imekaa kibiashara? Rangi zinaendana? Fundi anataka jibu kesho aanze kuchapa vifungashio."*

Picha haipo. Kuna maneno yako, halafu kuna komenti za watu wanaosema "iko poa sana mkuu", na mmoja anakushauri uongeze kijani. Kijani kwenye nini? Hajaona kitu yule! Kasoma "unga wa lishe" akajichorea nembo yake kichwani, akaipenda, sasa anairekebisha. Na wewe naona umeshamjibu "asante, nitaongeza".

Usiongeze kitu. Na hiyo kazi ya kesho isimamishe.

Naandika hivi kwa sababu mimi nilifanya hivyohivyo na asali. Niliweka uzi humu jukwaani, nikaandika "nembo hiyo hapo, ina nyuki na sega, rangi za asali, imekaa kisasa". Picha ilikuwa bado inapanda, mtandao wa jioni mnaujua, nikabonyeza kutuma kabla haijamaliza. Sikurudi kuangalia kama imetokea. Kwa nini nirudi wakati sifa zilikuwa zinamiminika? "Kali." "Hongera mkuu, umetisha." Mmoja, na huyu nikikutana naye tutaongea, akaandika aya nzima kwamba yeye yuko kwenye tasnia miaka mingi, njano niibadilishe iwe ya dhahabu na sega lionekane zaidi. Nikamwambia dizaina aongeze seli za sega. Zikaongezwa, mistari ikazidi kuwa myembamba ili zote zienee. Yaani nililipia marekebisho ya picha ambayo mshauri wangu hajawahi kuiona.

Halafu kuna fundi. Nilimuuliza waziwazi kama hii michoro midogo itatoka. Akaangalia kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili, akasema "bosi, itatoka vilevile unavyoiona". Mtu anayechapa kila siku anaangalia nembo iliyokuzwa ikajaa kioo cha simu, wakati anajua inakwenda kwenye kifuniko cha kindoo cha kilo moja! Ile ilikuwa ahadi ya mtu anayetaka malipo ya awali, na aliyapata.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana ndicho kitakachokupata wewe.

Nembo ilichorwa kwa upana wa milimita 100. Mistari ya sega ilikuwa na unene wa milimita 0.6, na kwa ukubwa ule inaonekana safi kabisa. Kwenye kifuniko nembo ilitakiwa iwe na upana wa milimita 30. Nembo ikipungua, kila kilichomo kinapungua nayo. Ule mstari wa 0.6 ukawa 0.18. Na haukuwa mstari wa wino. Ulikuwa mstari mweupe ndani ya duara la kahawia, yaani ni plastiki nyeupe ya kifuniko chenyewe iliyoachwa wazi.

Kwenye uchapaji wa skrini wino unasukumwa kwa mpira upite kwenye kitambaa kilichobanwa kwenye fremu, chenye matundu madogo sana, na ukitua kwenye plastiki unatanuka kidogo pembeni. Mstari wa wino ukitanuka unanenepa kidogo tu, hakuna anayegundua. Lakini mstari mweupe ulioachwa katikati ya rangi unavamiwa kutoka pande zote mbili, na kama ni mwembamba unafungwa. Kwa kazi ya skrini ya kawaida, mstari wa wino usishuke chini ya milimita 0.3 hivi, na mweupe ulio ndani ya rangi usipungue nusu milimita. Mimi nilikuwa na 0.18. Hata kwa bahati usingetoka.

Sega likazibika likawa doa la kahawia. Mishipa ya mabawa ya nyuki ikazibika, mabawa yakawa meusi. Mistari ya tumboni nayo ikaungana. Ukiangalia kile kifuniko unaona mdudu mweusi mwenye mabawa meusi kakaa juu ya doa la kahawia. Wakuu, nilichapa inzi kwenye asali. Dada mmoja sokoni aliniuliza kwa heshima zote kama ile ndoo ni ya dawa ya kuulia wadudu. Nikamwambia hapana, ni asali ya Tabora, akacheka akaondoka. Na mimi nilicheka, ningefanya nini? Vifuniko vyote viliingia kwenye gunia, na laki nne na ushee ikaenda navyo. Shemeji yangu bado ananiita Bwana Inzi, nimeshazoea.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mle kwenye uzi walikuwepo watu wanaochapa kwa skrini. Nilikuja kuwaona kwenye nyuzi nyingine. Wangeniambia bure kabisa, hata bila picha, kama ningewapa cha kushika. Lakini "imekaa kisasa" mtu anaishika wapi? "Rangi za asali" ni rangi gani, ngapi, juu ya nini? Maelezo yangu yalikuwa sifa, na sifa zinajibiwa kwa sifa.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitairudia hadi mnichoke: kabla ya jambo lingine lolote andika sehemu ndogo kabisa ambayo nembo itakaa, upana wake hapo kwa milimita, na itachapwa kwa njia gani. Sentensi hiyo iwe ya kwanza, hata kama picha imepanda vizuri. Picha kwenye simu ya mtu haina milimita, kila mmoja anaiona kwa ukubwa wa kioo chake.

Ningekuwa na akili hii wakati ule, ningeandika hivi:

*"Nembo itachapwa kwa skrini, rangi tatu, kahawia, njano na nyeusi, kwenye kifuniko cheupe cha plastiki. Hapo itakuwa na upana wa milimita 30. Ni duara la kahawia. Ndani kuna seli za sega zilizoachwa kwa mistari myeupe, na kwa ukubwa huo mstari una unene wa milimita 0.18. Katikati kuna nyuki anayeonekana kwa juu, urefu wake milimita 9, mabawa yana mishipa myembamba. Njano inaanza kukolea chini na kufifia kwenda juu. Jina liko chini kwa mwandiko wa kuunganisha, herufi ndogo zina kimo cha milimita 1.5."*

Soma tena hayo maelezo. Hakuna picha, lakini mtu wa skrini akifika kwenye 0.18 anapiga kelele. Akifika kwenye njano inayofifia anakuuliza unataka ifanyweje, maana fremu moja inatoa rangi moja bapa, na kufifisha kunahitaji vidoadoa ambavyo kwenye eneo dogo vile vinaishia kuwa uchafu. Akifika kwenye herufi za milimita 1.5 anakwambia matundu ya "a" na "e" yanaziba. Nembo nzima imekaguliwa kwa maneno.

Unene wa mstari unaupataje? Dizaina anaweza kukupa, programu yake inamwonyesha. Akikuzungusha, chapa nembo kwenye karatasi ya A4 ijaze upana, tuseme milimita 200, weka rula kwenye mstari mwembamba kuliko yote, halafu gawanya. Yangu kwenye A4 ingesoma kama milimita 1.2. Kutoka 200 kwenda 30 ni kugawa kwa 6.7 hivi, unapata 0.18 ileile. Dakika tano na rula ya mwanafunzi.

Kwako wewe wa unga sijui unachapa kwa njia gani, hukusema. Kama ni stika kutoka mashine nzuri ya karatasi, una nafuu, mistari myembamba inavumilika kuliko skrini. Kama ni moja kwa moja kwenye kiroba, hali ni mbaya kuliko yangu, kile kitambaa cha kiroba chenyewe kina mabondemabonde. Na sehemu yako ndogo kabisa huenda hata isiwe kifungashio. Huenda ni mhuri wa kwenye risiti, wenye rangi moja tu. Au nembo ya kudarizi kwenye mfuko wa fulana ya wafanyakazi, na uzi wa cherehani hauwezi kuandika herufi ndogo, zikiwa chini ya milimita 5 zinaanza kuwa mafundo. Nembo ikipita kwenye ile ndogo kabisa, kwenye bango itapita tu.

Kuna kitu kimoja maneno hayakisemi: kama nyuki anafanana na nyuki. Kwa hilo mwonyeshe mtu asiyejua biashara yako, ikiwa imechapwa kwa ukubwa wake halisi, muda wa kupepesa macho, halafu ifiche. Andika humu alichosema neno kwa neno, usimsahihishe. Mimi nilimwonyesha mtoto wa jirani, lakini baada ya vifuniko kuwa kwenye gunia. Alisema nilichokuwa nimeshatarajia.

Rudi sasa, hariri posti yako. Sentensi ya kwanza iwe ile ya milimita. Pandisha picha, subiri imalize, kisha fungua uzi huu kwa simu ya mtu mwingine au ukiwa umetoka kwenye akaunti. Usiponiona nimerudi hapa kukutukana jua imeonekana.

Na fundi mwambie akuchapie kipande kimoja kwanza, kwenye kifungashio chenyewe, kwa wino wenyewe. Usikubali karatasi wala picha ya WhatsApp. Akisema kutengeneza fremu kwa ajili ya kipande kimoja ni hasara, mlipe fremu. Fremu akishaitengeneza ndiyo hiyohiyo atakayotumia kwa kazi nzima, asikudanganye.