Linki ya grupu ikishasambaa, anza kuibadilisha kabla hujatoa mtu

Mwaka juzi nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu hapa Dar. Grupu la WhatsApp lilikuwa na watu 46: ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake wachache. Kila Jumapili usiku nilikuwa nabandika orodha ya ahadi, jina kwa jina, nani ameahidi kiasi gani, nani kamaliza, nani bado. Chini yake namba ya mweka hazina na jina linalotokea ukituma pesa.

Shemeji yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, akaichukua linki ya grupu akaiweka kwenye ukurasa wake wa Facebook: "Ndugu na marafiki, karibuni tumshike mkono kijana wetu." Posti ilikuwa wazi kwa dunia nzima. Baada ya siku tatu tulikuwa 71, na hakuna aliyeshtuka. Sisi upande wa bibi harusi tulidhani wale wageni ni wa upande wa bwana harusi, na wao, kama tulivyokuja kujua, walidhani ni wetu.

Nilijua kuna tatizo siku mama mdogo aliponipigia. "Mwanangu, mbona mmebadilisha namba ya mchango bila kutangaza?" Alikuwa amepata meseji pembeni, nje ya grupu, kutoka kwa "mweka hazina". Picha ni ya mweka hazina, jina ni lake, hata kiasi alichobakiza mama mdogo kilikuwa sahihi: laki moja na nusu. Ni ile ile "ile hela tuma kwenye namba hii" tuliyoizoea, ila safari hii tapeli alikuwa na orodha yangu ya Jumapili mkononi. Mama mdogo alikuwa ameshatuma.

Nikafanya kosa ambalo maadmini wengi hulifanya. Niliingia kwenye grupu kwa hasira nikaanza kutoa namba nisizozijua, moja moja. Nilitoa 19. Kabla sijalala, namba nyingine nne mpya zilikuwa zimeingia, maana linki ilikuwa bado inafanya kazi na kule Facebook bado ilikuwa inaning'inia.

Linki ya mwaliko si barua yenye jina la mtu. Ni ufunguo, na anayeushika anafungua. Inaanza na https://chat.whatsapp.com/ halafu unafuata mchanganyiko mrefu wa herufi na tarakimu. Huo mchanganyiko hakuna wa kuubahatisha, kwa hiyo mgeni akiingia kwa linki ujue kuna mtu aliiachia. Linki hiyo haifi yenyewe baada ya wiki au mwezi. Haijui umempa nani, wala yeye kampa nani. Hata ukifuta meseji uliyoitumia, waliokwisha kuinakili bado wanayo.

Na kwa kuwa mwanzo wake ni ule ule kwa magrupu yote, kuzisaka ni kazi ndogo. Mtu anaandika chat.whatsapp.com kwenye kisanduku cha kutafutia cha Facebook na kukusanya anachokikuta. Mwaka 2020 ilibainika kwamba hata Google ilikuwa imeorodhesha linki za namna hii kwa mamia ya maelfu, kwa sababu tu watu walikuwa wameziweka kwenye kurasa za wazi.

Hata kabla ya kuingia, anayebonyeza linki anaona jina la grupu na picha yake. "Kamati ya Harusi" kwa tapeli ni tangazo kwamba hapa pesa inatembea. Akishaingia anaona namba za simu za wote. Haimlazimu kuandika neno lolote. Wetu alikaa kimya siku zote tatu akisubiri orodha ya Jumapili.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu wa chuo. "Mjomba, unachota maji mashua ikiwa bado na tundu. Badilisha linki kwanza." Tukafuata mpangilio huu, na ndio ninaoutumia mpaka leo.

Kwanza fungua grupu, gusa jina lake pale juu, shuka mpaka kwenye orodha ya wanachama. Hapo kuna Invite via link (kwenye baadhi ya simu maneno yanatofautiana kidogo, lakini neno link lipo). Ukiingia utaiona linki yenyewe, na chini yake Reset link. Gusa, kisha thibitisha. Kazi hii anaifanya admini. Papo hapo ile linki ya zamani inakufa kila ilipo, Facebook, stetasi, kwenye magrupu mengine, na grupu linapata linki mpya. Kama mlichapisha ile alama ya kuskani ya QR kwenye kadi au bango, nayo inakufa, kwa hiyo msishangae wageni halali wakianza kulalamika.

Jambo ambalo watu hawalielewi ni kwamba kubadilisha linki hakumtoi mtu aliyekwisha ingia. Kitasa kimebadilishwa, lakini aliyeko sebuleni bado yuko sebuleni. Kwa hiyo hatua ya pili ni kupekua. Rudi nyuma kwenye mazungumzo ukasome yale maandishi madogo ya katikati yanayosema namba fulani imejiunga kwa linki ya grupu. Aliyeongezwa na admini huandikwa tofauti. Mimi nilianzia siku shemeji alipoposti, nikaandika kila namba kwenye daftari, nikawapigia watu wawili, mmoja wa kila upande, nikawasomea. Kati ya walioingia kwa linki, wanaojulikana walikuwa sita tu. Wengine nje.

Wakati wa kupekua nilifunga grupu ili waandike maadmini peke yao, nikabandika onyo: namba ya mchango haijabadilika, aliyepata meseji pembeni asitume, anipigie kwa sauti. Wawili zaidi walikuwa wameshapata meseji hiyo. Namba ya tapeli tuliiripoti 15040, ile ya kuripoti meseji za utapeli. Hela ya mama mdogo haikurudi.

Mwisho tuliwasha Approve new members, iliyopo kwenye ruhusa za grupu, Group permissions. Ikiwaka, anayebonyeza linki haingii moja kwa moja. Ombi lake linakaa likisubiri admini. Hapo hapo nikazima Add other members, maana mwanachama anayeweza kuongeza watu hahitaji hata linki. Kwa Telegramu mambo ni mepesi zaidi: unaweza kutengeneza linki ukaiwekea muda wa kufa na idadi ya watu, na ukitaka kuiua kabla ya hapo unagusa Revoke link. Kwa kamati yenye wazee watupu, lakini, nani atawahamishia Telegramu?

Shemeji alifuta posti yake, lakini mtu alikuwa ameshainakili kwingine. Linki iliyokuwa humo ilikuwa imeshakufa, ila maombi yaliendelea kuingia kwa sababu mtu mmoja tuliyemtumia linki mpya aliisambaza tena. Safari hii walikwama mlangoni. Kila mmoja nilimwandikia swali moja tu: "Karibu, wewe ni wa upande gani, na nani kakualika?" Wawili walijibu na kuingia. Wengine hawakujibu kitu, na mmoja alibadilisha picha yake ya wasifu nikiwa bado naiangalia.