Cheo kwanza, jina baadaye: kwa mwalimu mpya aliyepewa kuandaa ugeni wa mahafali

Mwalimu anayeripoti kwa mara ya kwanza katika shule ya sekondari ya serikali hapa Tanzania asishangae akikabidhiwa barua za mwaliko na risala ya mahafali ya kidato cha nne kabla hata hajazoea ratiba ya vipindi. Wenyeji wanaijua kazi hiyo, na kwa kuwa wanaijua wanaikwepa: ndani ya siku moja utamwandikia, utamlaki, utamtambulisha na utamsomea risala mtu mmoja kwa namna nne zilizo tofauti, na katika kila moja swali ni lile lile la kama umwite kwa cheo peke yake, kwa cheo pamoja na jina, au kwa neno la heshima lisilo cheo wala jina.

Nianze na barua, kwa sababu ndiko nilikoanguka mimi. Katika mwaka wangu wa pili kazini niliandika barua ya kumwalika Mkuu wa Wilaya, nikaweka jina lake kamili juu ya anwani, na mbele ya jina nikapanga Mheshimiwa na Bwana kwa pamoja, nikidhani kuwa heshima hupimwa kwa wingi wa maneno. Mama mmoja wa masjala aliisoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole: «Mwalimu, unamwandikia mtu au unaiandikia ofisi? Huyu amehamishwa wiki tatu zilizopita.» Alikata jina kwa kalamu nyekundu, akakata na ule mlolongo uliotangulia, akaniachia maneno matatu yaliyobaki: Mkuu wa Wilaya.

Tangu siku hiyo anwani zangu hazina majina. Barua ya kikazi huelekezwa kwenye cheo, yaani Mkuu wa Wilaya, kisha jina la wilaya, kisha S.L.P., na ikiwa utaratibu wa kwenu unataka ipite kwa mwajiri, chini yake huandikwa K.K., ambayo ni kifupi cha Kupitia kwa, ikifuatwa na Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri. Neno Mheshimiwa halina kazi katika anwani, kwa kuwa ofisi haiheshimiwi kwa sifa bali kwa kutajwa sawasawa. Linaingia ndani ya barua pale unapomsemesha mwenye ofisi. Jina huhitajika kwenye kadi ya mwaliko, kwa sababu kadi inamwita mtu aje kuketi, na hapo ni wajibu wako kupiga simu kwa katibu muhtasi wake na kuuliza jina linaandikwaje na lina vyeo gani. Usione haya kuuliza, kwa maana katibu muhtasi huulizwa hivyo kila siku, ilhali kadi iliyokosewa hukaa mezani kwa mkubwa hadi siku ya shughuli.

Vyeo vikiwa viwili au vitatu, vina mpangilio wake. Kile cha itifaki hutangulia, kile cha taaluma hufuata, jina huja baadaye, na wadhifa hufunga. Ndiyo maana huandikwa Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, wala hutaona Dkt. ikitangulizwa mbele ya Mhe. Vivyo hivyo kwa profesa au mhandisi aliyeteuliwa kuwa kiongozi. Bw. na Bi. huondoka mara tu cheo kingine kinapoingia, kwa kuwa kazi yao ni kumheshimu mtu ambaye huna cheo chake cha kutaja. Na hapo ongeza tahadhari moja ndogo: Bi. katika maandishi haina ubaya wowote, lakini ukimwita afisa wa miaka 40 «Bibi» ana kwa ana, anaweza kusikia kwamba umemfanya nyanya wa mtu.

Swali linalowasumbua wageni wengi ni nani Mheshimiwa na nani Ndugu. Desturi niliyoikuta na ninayoifuata ni kwamba Mheshimiwa ni kwa viongozi wa kisiasa na wa kuchaguliwa, na kwa wenye kutoa hukumu: Rais, mawaziri, wabunge, Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya, diwani, jaji na hakimu. Watendaji, kama Katibu Tawala, Mkurugenzi wa halmashauri na wakuu wa idara, kwa itifaki ni Ndugu, ingawa midomoni mwa watu mpaka huo unavukwa kila siku. Wapo wanaodhani Ndugu ni daraja la chini. Si kweli, na historia yake ni nzito: katika ahadi za mwanachama wa TANU, ya kwanza ilikuwa kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, na kwa miaka mingi viongozi wa juu kabisa waliitwa Ndugu bila ya mtu kuona kasoro. Hata leo katika vikao vya CCM Ndugu ndilo neno lenyewe. Kosa linalouma liko upande wa pili, yaani kumwita diwani Ndugu mbele ya wapiga kura wake huku Mkuu wa Wilaya aliyeketi kando yake ukimwita Mheshimiwa, maana hapo umewapima wawili hadharani na mmoja umemwona mwepesi.

Sasa risala. Risala husomwa kwa mtu aliyeketi mbele yako, na mtu aliye mbele yako haitwi kwa jina. Kwa hiyo risala nzima inaweza kwenda bila jina hata moja: «Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya na Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, walezi na wahitimu.» Mgeni rasmi hutangulia kila mtu, na wengine hushuka kwa ngazi. Ukitaka kufupisha orodha, sema «itifaki imezingatiwa», lakini baada ya kumtaja mgeni rasmi na angalau kiongozi mmoja au wawili wa meza kuu. Anayeanza moja kwa moja kwa maneno hayo amesema kwamba amezingatia kitu ambacho hadhira haijakisikia. Baada ya hapo, kila aya mpya hufunguliwa kwa kumsemesha tena mgeni rasmi, na papo hapo pana mtego: asubuhi ya shughuli simu inaweza kuingia kwamba Mkuu wa Wilaya amepata dharura na atawakilishwa na Katibu Tawala. Wengi hubadilisha ukurasa wa kwanza tu, na mwanafunzi anayesoma anafika aya ya nne akilisoma «Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya» mbele ya mtu asiye Mkuu wa Wilaya. Andika «Mgeni Rasmi» peke yake ndani ya aya zote, cheo cha ofisi kibaki katika ufunguzi, na utakuwa na mstari mmoja tu wa kurekebisha.

Utambulisho ni kinyume cha risala. Hapo unawaambia watu wengine huyu ni nani, kwa hiyo jina ni lazima, na litajwe lote, mara moja, likiwa na cheo mbele na wadhifa nyuma. Baada ya hapo mtu hurudi kuwa cheo chake. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala hata chumba cha walimu. Ukimsemesha mwenzako mbele ya wanafunzi, yeye ni «Mwalimu». Ukimtaja asipokuwepo, au wakiwa walimu watano chumbani na unamtaka mmoja, ndipo jina la ukoo linaongezwa, «Mwalimu Mushi». Jina tupu mbele ya wanafunzi liache, hata kama mlisoma darasa moja chuoni. Na usichanganye Mwalimu Mkuu na Mkuu wa Shule: wa kwanza anaongoza shule ya msingi, wa pili anaongoza sekondari, na nimeona barua ikirudishwa kwa sababu hiyo peke yake.

Neno Mwalimu lina sifa ambayo vyeo vingi havina, kwamba halistaafu. Julius Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, akawa Waziri Mkuu, akawa Rais hadi mwaka 1985, na bado cheo kilichokaa kwenye jina lake ni kile cha darasani. Zanzibar ni vivyo hivyo kwa Maalim Seif Sharif Hamad, aliyewahi kuwa mwalimu. Mwalimu wako aliyestaafu ukimkuta meza kuu ni Mwalimu mpaka leo, wala si «Mzee», hata kama mvi zimejaa. Vyeo vya utawala, kinyume chake, hupokea neno Mstaafu au Mzee: Mkuu wa Wilaya mstaafu hutambulishwa hivyo, kisha akisemeshwa anaitwa Mzee kwa heshima ya umri. Kwa viongozi wa dini jina si lazima kabisa unapowasemesha; Sheikh, Padri na Mchungaji zinatosha, na askofu husemeshwa Baba Askofu.

Jambo la mwisho la kuandaa haliko kwenye karatasi. Nalo ni neno «wewe». Kiambishi cha kitenzi tayari kinambeba mtu, kwa hiyo kulitamka hilo neno ni kama kumnyooshea kidole. Usimwambie mgeni «wewe utakaa hapa». Sema «Mheshimiwa, karibu uketi hapa», au «Mzee, nafasi yako ni hii», na cheo kitakuwa kimechukua mahali pa kiwakilishi. Shikamoo nayo ina tabia yake: huambatana na cheo au neno la ukoo, «Shikamoo Mwalimu», «Shikamoo Mama», lakini ikiunganishwa na jina tupu huvunjika, kwa sababu heshima iliyotolewa na neno la kwanza hunyang'anywa na la pili.

Wageni huniuliza nani atamwamkia nani pale umri na cheo vinapopishana. Mwaka mmoja tulipata Mkuu wa Wilaya kijana, na Mwenyekiti wa Bodi yetu alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Mwalimu aliyepewa kuwapokea alikuwa na wasiwasi, akaniuliza amfundishe mzee kusema nini, nikamwambia asimfundishe mtu yeyote. Gari lilisimama, kijana akashuka, akamfuata mzee moja kwa moja akiwa ameinama kidogo, akasema, «Shikamoo Mzee.» Mzee akaushika mkono wake kwa mikono miwili. «Marahaba, Mheshimiwa,» akamjibu.