Usigawe kwa 30 halafu ukahesabu siku za 31

"Nina nyumba Maweni, Malindi, kodi 18,000 kwa mwezi. Mpangaji anaingia tarehe 12 Agosti. Nimegawa kwa 30 nikapata 600, mara siku 20, nimwambie alete 12,000. Ni sawa?"

Si sawa, kaka. Usimtumie hiyo hesabu.

Hiyo 600 umeitoa kwenye mwezi wa siku 30, lakini zile siku 20 umezihesabu kwenye kalenda ya ukutani yenye 31. Miezi miwili tofauti ndani ya hesabu moja. Najua ulikoitoa, ni wimbo wa madalali: "mwezi ni siku 30, gawa tu." Aliyeniimbia mimi alichukua komisheni yake kamili, hakuikatia siku hata moja, akaniacha na mpangaji mwenye kikokotoo.

Ipime hivi. Chukulia mpangaji wa zamani ametoka tarehe 11 jioni, mpya akaingia tarehe 12. Ukitumia njia yako, wa zamani analipa siku 11 kwa 600, yaani 6,600, na mpya 12,000. Jumla 18,600. Nyumba ya 18,000 imezaa 600 za hewani, na wapangaji huzungumza. Ipeleke njia hiyo hiyo Februari ya siku 28: mmoja anatoka tarehe 14, mwingine anaingia tarehe 15, kila mmoja siku 14 kwa 600. Jumla 16,800. Sasa 1,200 imetoka mfukoni mwako, na huna wa kumlaumu maana hesabu ni yako.

Vipande viwili vya mwezi mmoja lazima virudi kuwa kodi kamili. Visiporudi, umechanganya.

Kwa siku halisi, Agosti unagawa kwa 31 na unahesabu 31: kuanzia tarehe 12 hadi 31, na ya 12 ikiwemo, ni siku 20. 18,000 mara 20, gawa kwa 31, unapata 11,612.90. Wa zamani, siku 11, ni 6,387.10. Jumlisha: 18,000. Zidisha kwanza, gawanya mwisho. Ukigawanya mwanzo ukazungusha hadi 581 kwa siku, unaishia 11,620, na hizo shilingi saba ndizo mtu atakazokuulizia mlangoni.

Kwa mwezi wa siku 30, unajifanya kila mwezi unaishia tarehe 30. Kuanzia 12 hadi 30 ni siku 19, si 20. 19 mara 600 ni 11,400. Wa zamani 6,600. Jumla 18,000 tena. Anayeingia tarehe 31 mhesabie kama ameingia tarehe 30, la sivyo atapata siku sifuri.

Njia hii ya pili ina raha yake kwa mwenye vyumba kumi na daftari la mkono, kwa sababu 600 haibadiliki mwaka mzima. Kasoro yake iko Februari. Mtu akiingia tarehe 28, hesabu inamdai siku tatu, yaani 1,800, kwa usiku mmoja. Utamweleza nini? Huku pwani mwezi wa kuandama tu tunabishana kama ni 29 au 30; usimletee mtu Februari ya 30. Ndiyo maana mimi nashikilia siku halisi: mpangaji anahesabu mwenyewe ukutani na mnakubaliana.

Ukitumia Excel, tarehe ya kuingia iweke A2, kodi B2:

```
=ROUND(B2*(EOMONTH(A2,0)-A2+1)/DAY(EOMONTH(A2,0)),0)
```

Yenyewe inajua mwezi una siku ngapi, hata Februari ya 29.

Halafu iandike kwenye mkataba kabla ya ufunguo kutoka, kwa maneno mepesi: "Kodi ya mwezi usiokamilika itahesabiwa kwa siku halisi za mwezi huo, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Siku ya kupokea ufunguo na siku ya kuurudisha zote zinahesabiwa." Hayo maneno "na wakati wa kutoka" usiyaache. Bila hayo, mtu anaingia kwa 31 na kutoka kwa 30, kila mara akichagua ile inayompendeza. Na siku moja isilipiwe mara mbili: anayetoka akirudisha ufunguo tarehe 12, mpya wako aanze tarehe 13, siku 19, 11,032.

Akianza tarehe 12 kama ulivyosema, ni 11,613. Mwandikie sasa hivi, kabla hajatuma zile 12,000.